Barua ya mkurugenzi kabla bima haijaisha

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya bima hapa Kampala, mwezi wa Juni umefika tena, na tena naona mezani rasimu zile zile za barua ya kuiarifu kampuni ya bima, kabla mkataba haujaisha, juu ya jambo linaloweza kuleta dai: “Tunawajulisha kuwa baadhi ya miradi yetu ina matatizo yanayoweza kuleta madai.” Tafadhali msimpelekee mkurugenzi wa kampuni iliyokata bima asaini barua ya namna hiyo.

1. Taja tukio lenyewe. Kuna kampuni ya wahandisi iliyopeleka barua ya hivyo siku chache kabla ya bima yake ya dhima ya kitaaluma kuisha. Mkurugenzi alijua vizuri kilichomsumbua: jengo la ghorofa Mukono lilikuwa limepasuka kwenye nguzo za chini, na mwenye jengo alishaandika kwamba anatafuta mhandisi mwingine alikague. Hayo yote hayakuingia kwenye barua, kwa kuogopa kujichongea. Miezi michache baadaye dai likafika. Kampuni ya bima ya zamani ikasema haikuwahi kuambiwa habari za jengo hilo, na dai limekuja baada ya muda wake kwisha. Ile mpya ikasema mlijua mkanyamaza, na mambo yaliyojulikana kabla hatuyalipii. Wahandisi wakabaki katikati, na ada walikuwa wamelipa pande zote mbili. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu aya moja, ikifika kabla bima ya zamani haijaisha, ingetosha kulifunga dai hilo kwenye bima hiyo:

“Kwa mujibu wa kifungu cha taarifa, tunawajulisha kuwa tarehe fulani mteja wetu alitueleza kuhusu nyufa kwenye nguzo za jengo lake lililoko Mukono. Michoro ya nguzo hizo ilitoka kwetu. Anaweza kudai gharama za ukarabati na kodi aliyoikosa. Barua yake tumeiambatanisha. Hatukubali kuwa tuna kosa lolote.”

Sentensi ya mwisho ndiyo dawa ya ule woga. Kueleza kilichotokea si kukiri kosa. Ila mkurugenzi asimwandikie mteja kuomba radhi au kuahidi kulipa kabla kampuni ya bima haijaridhia, maana hilo laweza kuharibu kinga.

2. Fomu ya kuhuisha bima si taarifa. Kijana mmoja alinihakikishia kuwa nyufa zimeshaandikwa kwenye fomu. Ni kweli, lakini fomu ile husomwa na wanaopanga bei ya mwaka ujao. Taarifa ya mwaka huu huenda kwenye anwani iliyotajwa ndani ya mkataba, na nakala kwa broka. Broka akiipokea peke yake, usidhani kampuni ya bima imeipokea.

3. Angalia na saa, si tarehe tu. Ipo mikataba inayokwisha saa kumi jioni. Barua ya mteja ikija siku ya mwisho asubuhi, usingoje ripoti ya mkaguzi. Andika yanayojulikana, sema maelezo zaidi yatafuata, itume, kisha wapigie simu mpaka wakuandikie kwamba wameipata.