Mwanachama anataka akiba yake yote na hisa zimeshuka

"Mimi ni mweka hazina wa chama cha uwekezaji, Nairobi. Mwenzetu anadai akiba yake yote sasa, na bei za hisa zimeanguka. Niwaandikieje wanachama kwamba haiwezekani?"

Ndugu mweka hazina, barua yako ianze na hesabu, kabla ya kutaja katiba. Tuseme mko kumi, kila mmoja amechanga shilingi 100,000. Mlinunua hisa za 800,000 na kubakiza 200,000 benki. Leo hisa hizo zina thamani ya 480,000, kwa hiyo mali yote ni 680,000 na fungu la kila mtu ni 68,000. Akilipwa 100,000, wenzake tisa watabaki na takribani 64,400 kila mmoja. Hasara yake wataibeba wao. Andika hivyo waziwazi, bila kumlaumu. Pengine ana mgonjwa au karo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Hata hizo 68,000 zikitoka zote benki, yeye ataondoka na fedha taslimu na nyinyi mtabaki na hisa zilizoshuka. Fungu lake halisi la fedha taslimu ni 20,000. Pendekeza alipwe hizo sasa, na hisa zake zinunuliwe na mwanachama mwingine kwa bei ya soko ya siku iliyokubaliwa. Asipopatikana mnunuzi, ziuzwe hisa za fungu lake tu, naye apokee kilichopatikana baada ya ada ya dalali.

Ambatisha taarifa ya benki na ya akaunti ya hisa, kisha taja kifungu cha katiba kuhusu notisi ya kujitoa.