Salio la mwisho limetofautiana kwa 5,900

"Nimejumlisha kila mstari kwenye picha ya taarifa yangu ya pensheni, napata 532,920. Wao wameandika 527,020. Wamenikata?"

— Hiyo ni ada ya uendeshaji, wote tunakatwa.

— Ada ndiyo, ila ni 2,950 tu. Angalia ule mstari ulio juu ya salio la mwisho: namba iko ndani ya mabano, maana yake inatolewa. Wewe umeijumlisha, ndiyo maana tofauti ni 5,900, mara mbili yake kamili. Tofauti ikigawanyika hivyo, tafuta alama kwanza. Salio la mwanzo 412,600, michango yako 36,000, ya mwajiri 49,500, faida 31,870, toa 2,950: inafika 527,020.

Kinachonisumbua mimi ni mstari wa mwajiri. Wako ni 3,000 mara miezi 12. Wake, kwa 4,500 kwa mwezi, ungekuwa 54,000. Hapo kuna miezi 11. Hesabu kufunga hakuoneshi mchango ambao haukuingizwa. Huenda wa mwezi wa mwisho ulifika baada ya tarehe ya kufunga, basi utauona kwenye taarifa ijayo. Omba mchanganuo wa mwezi kwa mwezi, picha hii ina jumla tu.

— Mimi faida yangu ilishuka mwaka jana, nayo ni mwajiri?

— Hapana, mwajiri anahusika na michango. Faida inategemea uwekezaji wa mfuko.

— Nimeangalia hati ya mshahara ya huo mwezi wa mwisho, makato yangu yapo. Mchango wa mwajiri sijui.