Nembo za wadhamini kwenye slaidi moja: maswali yenu

Msimu wa mahafali na mbio za hisani ukifika, maswali mengi ninayoletewa huwa juu ya slaidi moja tu, ile ya wadhamini. Nimechagua sita yanayogusana. Vipimo vyote ni vya slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint, yenye upana wa sentimita 33.87 na kimo cha 19.05.

"Mwalimu, nembo zote nne za daraja la fedha nimezipa kimo kimoja, sentimita 2.8. Mbona ya benki imejaa slaidi na ya chama chetu cha ushirika imemezwa?"

Kwa sababu jicho halipimi kimo, linapima eneo zima ambalo nembo imelifunika. Nembo ya benki ni neno refu, upana wake ni mara nne ya kimo. Ukiipa kimo cha 2.8 inajinyoosha hadi upana wa 11.2. Ya ushirika ni duara, kwa hiyo inabaki 2.8 kwa 2.8. Hapo benki imechukua nafasi mara nne ya ushirika, na wote wawili wamelipia daraja moja. Mwenyekiti wa ushirika akinuna, ana haki.

Dawa yake ni kuacha kugawa kimo na kugawa eneo. Amua kwamba kila nembo ya daraja la fedha itapata sentimita za mraba 8. Chukua upana wa nembo, gawa kwa kimo chake, zidisha kwa 8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ndilo upana wa kuandika. Kwenye Excel, ukiweka upana wa faili katika B2 na kimo katika C2, fomula ni hii:

```
=SQRT(8*B2/C2)
```

Tuseme faili lina pikseli 900 kwa 300. Upana ni mara tatu ya kimo, mara 8 ni 24, na kipeuo chake ni 4.9. Andika 4.9 kwenye sehemu ya Width huku Lock aspect ratio ikiwa na alama ya tiki, na kimo kitajipanga chenyewe kuwa 1.63. Duara litatoka 2.8 kwa 2.8, nembo ya mbili kwa moja itatoka 4 kwa 2, na neno refu la benki litatoka karibu 5.6 kwa 1.4. Ziweke kando kwa kando, utaona zimelingana bila mtu kukueleza.

Baada ya hesabu, rudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye kompyuta, uangalie. Nembo iliyojazwa rangi nzito pande zote, kama mraba mwekundu wenye herufi nyeupe ndani, huonekana nzito kuliko eneo lake. Mimi huipunguza kama sehemu moja ya kumi. Ile ya mistari myembamba huiongeza kiasi hicho hicho. Hapo hakuna fomula, ni macho tu.

"Tuna wadhamini wakuu 2, wa fedha 4 na wa shaba 6. Nipunguze kiasi gani kutoka daraja moja hadi jingine? Nikipunguza kidogo hawaoni tofauti, nikipunguza sana wa shaba hawasomeki."

Punguza eneo kwa nusu kila ukishuka daraja. Wakuu wapate sentimita za mraba 16, fedha 8, shaba 4. Ukigeuza kuwa vimo, duara la mkuu ni sentimita 4, la fedha 2.8, la shaba 2. Tofauti hiyo mtu aliyekaa kiti cha nyuma anaiona mara moja, na wa shaba bado anasomeka.

Sasa tuzipange. Kwa kila daraja weka ukomo wa nafasi, yaani kisanduku cha kufikirika ambacho nembo haitakiwi kukivuka: 8 kwa 4 kwa wakuu, 5.6 kwa 2.8 kwa fedha, 4 kwa 2 kwa shaba. Kati ya kisanduku na kisanduku acha 1.4. Anza na mstari wa shaba, maana ndio mrefu kuliko yote: visanduku sita vya 4 ni 24, mianya mitano ya 1.4 ni 7, jumla 31. Pembeni panabaki kama 1.4 kila upande, sawa na mwanya wenyewe. Mstari wa fedha unatoka 26.6 na wa wakuu 17.4, yote ikae katikati ya slaidi.

Kwenda chini, acha 1.4 juu na 1.4 chini, na kichwa cha slaidi kipate 1.6. Visanduku vya madaraja matatu vinakula 8.8. Kinachobaki ni 5.85, ambacho ukikigawa mara tatu unapata 1.95 juu ya kila mstari kwa ajili ya jina la daraja. Usiliweke jina hilo katikati ya nafasi hiyo. Acha 0.8 juu yake na 0.4 chini yake, ili lishikamane na nembo zake. Likielea katikati, watu wa nyuma hawajui kama "Wadhamini wa fedha" ni walio juu au walio chini.

Mdhamini ambaye nembo yake ni ndefu kupita kiasi, mara sita ya kimo au zaidi, atagonga ukomo wa 5.6 kabla hajafikisha eneo lake. Usimruhusu avuke. Mwombe nembo ya kusimama, ile yenye alama juu na jina chini. Kampuni nyingi zinayo, ila hawaitumi mpaka uiombe.

"Nimechagua nembo zote nne nikabonyeza Distribute Horizontally, lakini mianya bado haifanani. Programu imeharibika?"

Programu haijaharibika, dada. Inapima kutoka ukingo wa picha hadi ukingo wa picha, na ukingo wa picha si ukingo wa nembo. Bonyeza nembo moja uangalie vile viduara vya pembeni. Vikikaa mbali na wino, faili limebeba nafasi tupu ambayo kwenye slaidi nyeupe huioni. Tumia Crop, vuta mpaka viguse wino pande zote nne, halafu rudia hesabu ya eneo, kwa sababu hata ile ya kwanza ilihesabu hewa. Kukata ndiko kunakotangulia, kabla ya kupima chochote.

Jambo la pili ni lile chaguo ndani ya Align. Likiwa kwenye Align to Slide, nembo zinagawanywa kwa kufuata kingo za slaidi na pambizo zako zinapotea. Weka Align Selected Objects. Sogeza nembo ya kwanza hadi mwanzo wa mstari na ya mwisho hadi mwisho wake, kisha gawa. Zile mbili za pembeni hazitatikisika, za katikati ndizo zitakazosogea.

Kwa mstari wako wa fedha, upana wa nembo ni 2.8, 4, 4.9 na 5.6, jumla 17.3. Mstari ni 26.6, kwa hiyo zinabaki 9.3 kwa mianya mitatu, yaani 3.1 kila mmoja. Ukitaka kuhakiki, chora mstatili wa upana wa 3.1, upitishe kwenye kila mwanya, kisha uufute.

Maliza na Align Middle ili vitovu vya nembo vikae kwenye mstari mmoja, Ctrl+G kuziunganisha, kisha sasa ndipo ubadili kuwa Align to Slide na ubonyeze Align Center. Mstari wa wakuu wenye nembo mbili hautakubali Distribute ukiwa kwenye Align Selected Objects, kwani hapo inahitaji vitu vitatu au zaidi. Huo unauweka kwa mkono.

"Nembo walizonitumia kwa WhatsApp zina ukungu, na kwenye mandhari ya bluu zinatoka na kibandiko cheupe nyuma. Nifanyeje?"

WhatsApp hubana picha inayotumwa kama picha. Waombe waitume kama Document, na waombe SVG, au PNG isiyo na mandhari. Wakishindwa, waombe PDF ya barua yao rasmi: mara nyingi nembo iliyomo ndani yake ni safi.

Kujua kama faili linatosha ni rahisi. Projekta ya pikseli 1920 inaipa kila sentimita ya slaidi kama pikseli 57. Nembo ya upana wa 8 inahitaji pikseli 456 kwa uchache, nami nataka maradufu yake. Niliwahi kupokea nembo ya mdhamini mkuu iliyokatwa kutoka kwenye tovuti yao, pikseli 120 tu. Kwenye kompyuta ilipita, ukumbini herufi zote zikawa na meno, na mwakilishi wao amekaa mstari wa mbele. Tangu siku hiyo nafungua kila faili na kusoma pikseli zake siku linapofika.

Kibandiko cheupe usikiondoe kwa Set Transparent Color, kinaacha mabaki meupe kuzunguka herufi. Kama PNG haipatikani, badili mandhari ya slaidi hiyo moja iwe nyeupe. Na kama nembo ni nyeusi na mandhari ni ya giza, usiipake rangi mwenyewe. Ni mali ya watu, omba toleo lao jeupe.

"Wa shaba wamefika 7. Sita juu na mmoja peke yake chini?"

Hapana, huyo mmoja ataonekana amesahaulika. Wapange 4 na 3, mstari wa chini ukiwa katikati. Mistari ya daraja moja ikiwa miwili, rudi kwenye visanduku vinavyolingana: kila nembo katikati ya kisanduku chake. Nembo fupi itazungukwa na nafasi zaidi, lakini mpangilio utatulia kuliko mianya ya mstari wa juu isiyolingana na ya chini. Kwa mistari miwili ya shaba utahitaji kama sentimita 2.8 zaidi kwenda chini, kwa hiyo zidisha kila kipimo, pamoja na mianya na majina, kwa 0.84.

"Kampuni ya maji ilitoa katoni za maji, si fedha taslimu. Inakaa wapi? Na ndani ya daraja, nani atangulie?"

Thamani ya maji mkubaliane nao kwa shilingi kabla ya slaidi kuanza, kisha waingie daraja linalolingana, kwa ukubwa ule ule. Kuwatengenezea mstari wa pembeni wenye nembo ndogo baada ya wao kuleta katoni ni kuwavunjia heshima. Ndani ya daraja fuata alfabeti, na iandike hivyo kwenye barua ya kuomba udhamini, ili anayetangulia asijisifu na anayefuata asilalamike. Ukishapanga, itume slaidi kwa kila mdhamini siku tatu kabla, wajibu kwa maandishi kwamba nembo ni sahihi. Wapo watakaokuambia walibadili nembo mwaka jana, na faili ulilonalo ni la zamani.