Kugeuza video: wingu au mashine yako?

"Nina tovuti ya video za uvuvi hapa Mwanza, video 40 za dakika 15 kila mwezi. Nilipie huduma ya wingu ya kuzigeuza au niweke seva yangu?"

Ndugu yangu, kugeuza ni kutoa nakala za ubora tofauti kutoka video moja, na wingu hutoza kwa kila dakika ya kila nakala inayotoka. Tuseme bei ni dola 0.015 kwa nakala ya 720p na nusu yake kwa 480p na 360p; dakika zako 600 zitagharimu dola 18 kwa mwezi. Seva ya kukodi ya dola 20 haikuokolei kitu, kwani itakaa bure karibu mwezi mzima.

Linganisha badala yake na kompyuta uliyo nayo. Geuza video moja kwa programu ya FFmpeg, usome `speed=` kwenye skrini: ikiandika `1.5x` huku ikitoa nakala zote tatu, kazi ya mwezi huisha kwa saa 6 na dakika 40.

Bando ndilo linaloamua. Video ghafi ya gigabaiti 1.5 lazima ipande nzima hadi kwenye wingu, ilhali nakala tatu zilizogeuzwa nyumbani, kwa jumla ya megabiti 4.4 kwa sekunde, hazizidi megabaiti 500. Umeme ukikatika katikati, faili la MP4 lililoachwa njiani kwa kawaida halifunguki, hivyo utaanza upya video hiyo moja.