Nepi hazikunishinda, kilichonishinda ni kusuuza

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nilikopa hela nikanunua nepi za kitambaa 20. Wiki ya tatu sasa, mtoto ana wekundu makalioni, na nepi zinanuka mkojo hata zikiwa zimekunjwa kabatini. Nizitupe nirudi kwenye pampasi?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, neno kwa neno, mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miezi minne.

Mimi nilianza na pampasi kama wengi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mwanangu hatafungwa vitambaa. Kisha nikaanza kuzihesabu. Mtoto mchanga anabadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, akikua kidogo ni mara 6 au 7. Chukua 6 tu kwa siku kwa miaka miwili, ni nepi zaidi ya 4,000. Nikaanza ujinga wa kuzibana: nepi ya kukaa kwa saa tatu naiacha ikae saa sita, kwa kuwa kwa nje ilionekana kavu. Ile chengachenga iliyomo ndani inafyonza mkojo na kugeuka utelezi, ndiyo maana nepi inavimba bila kuvuja. Lakini haijui kuzuia kinyesi kugusa ngozi. Vipele vya kwanza vya mwanangu vilitokana na ubahili wangu, nakiri.

Basi nikahamia kitambaa, na nikakosea kwa namna nyingine.

Nilinunua nepi za mraba 24 na vile vichupi vya nailoni 4 vya kuvalisha juu. Niliziloweka kwenye ndoo, nikazijazia sabuni ya unga kwa mkono, nikazifua mpaka vidole vikachubuka, nikazisuuza mara moja, nikaanika. Zilikuwa nyeupe kabisa. Wiki ya tatu wifi yangu alikuja kumwona mtoto, akasimama mlangoni, akasema, "Wifi, humu ndani mbona kama choo cha stendi?" Alisema akicheka. Miaka imepita na bado nayakumbuka maneno yale kuliko zawadi aliyoleta. Nilikuwa nimefua asubuhi ile ile!

Kumbe wifi alikuwa na haki, ingawa sitamwambia. Nepi yangu ilikuwa safi kwa macho tu. Sabuni niliyozidisha ilibaki kwenye nyuzi, na sabuni iliyobaki inashikilia mkojo wa jana pamoja na vijidudu vyake. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyouvunja mkojo na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho. Mtoto akikojoa mkojo mpya juu yake, harufu inaamka palepale, na ngozi inaungua. Mimi nikiona wekundu naongeza sabuni, nikidhani nepi ni chafu. Nikawa nauchochea moto niliotaka kuuzima.

Namna ya kujua kama uko hapo ni rahisi. Chukua nepi moja uliyoifua na kuikausha, itumbukize kwenye beseni la maji safi bila sabuni yoyote, ikamue na kuitikisa kama unafua. Povu likitoka, au maji yakawa na rangi ya maziwa, hujasuuza. Na sikiliza harufu inatoka lini. Nepi ya usiku kunuka asubuhi ni jambo la kawaida, imekaa na mkojo saa nyingi. Lakini nepi iliyotoka kabatini ikinuka dakika ile ile mtoto anapoilowesha, mkojo unaounusa ni wa zamani.

Tiba yake ni maji, na si dawa. Zisuuze zote bila kutia sabuni, badilisha maji, rudia mpaka povu liishe. Nepi za pamba tupu unaweza kuzichemsha dakika chache, lakini zile zenye lastiki au nailoni usithubutu, zitakunjamana na kuvuja. Na tafadhali, dawa ya klorini usiimwage kwenye ndoo yenye nepi za mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu. Mimi niliifanya hiyo nikiwa nimeinamia ndoo bafuni, nikatoka mbio nikikohoa machozi yakinitiririka, mtoto mgongoni. Sitaki kuikumbuka.

Sasa maji yenyewe, maana hapo ndipo bajeti inapoamuliwa, na ndipo watu wanaposifia kitambaa bila kupiga hesabu. Nilipima kwa ndoo ya lita 20. Nepi 6 kwa siku: suuza ya kwanza ya kutoa mkojo, lita 10, maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanagandisha doa la kinyesi kwenye kitambaa. Kufua, lita 15, na sabuni ya unga kijiko kimoja cha mezani, basi. Halafu suuza tatu, kila moja lita 12. Jumla ni lita 61, yaani ndoo tatu. Mwanzo nilikuwa natumia ndoo mbili na kujiona mjanja, kumbe lita nilizookoa ndizo zilizokuwa zinamchoma mtoto.

Unaweza kuokoa bila kuiba suuza. Maji ya suuza ya tatu karibu ni masafi, nayafunika na kesho yake yanakuwa maji ya kwanza ya kutoa mkojo. Hapo lita 10 zimerudi. Ya suuza ya pili yanakwenda chooni. Nikijaribu kufua kila baada ya siku mbili, nepi 12 kwa mpigo, zinakula kama lita 90, ambazo ni 45 kwa siku. Hapo pia kuna nafuu. Siku tatu nilijaribu mara moja tu, nikakuta madoa meusi ya ukungu ambayo jua halikuyatoa hadi leo.

Nepi zinazosubiri kufuliwa usiziloweke. Kwanza, maji yaliyokaa ni makazi mazuri ya vijidudu, na yanaua lastiki. Pili, na hili ndilo kubwa, mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo sana, kichwa kikitangulia hawezi kujinasua. Toa kinyesi chooni, kamua, tupia kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaopitisha hewa kidogo.

Kama maji yenu ni ya chumvichumvi na sabuni haitoi povu kirahisi, achana na sabuni ya mche kwa nepi. Inashikana na yale madini na kuacha utando wa kijivu, nepi inakuwa ngumu kama gamba na mkojo unateleza juu yake badala ya kuingia. Tumia ya unga. Ile dawa ya kulainishia nguo nayo inafunika nyuzi vilevile. Hata mafuta mazito ya kupaka makalio yanaziba kitambaa, kwa hiyo yakipakwa, weka kipande cha kitambaa chepesi katikati.

Kuhusu nepi gani ununue: ile ya mraba, nyembamba, ya kukunja. Najua zile za kisasa zenye mfuko wa kuchomeka kitambaa zinavutia kwa picha, na nilizitamani. Lakini kitambaa kilichoshonwa tabaka nne kinakunywa maji mengi kwenye suuza na kinachelewa kukauka siku za mawingu, wakati nepi ya mraba ukiitandaza kambani ni tabaka moja tu. Ikiwa mpya itavuja. Isitupwe, pamba mpya ina mafuta yake ya asili, ifue mara kadhaa kabla ya kumvalisha mtoto.

Hesabu ya pesa nitakupa kama nilivyoifanya mimi, bila kutaja bei, maana bei yako unaijua. Pima kila kitu kwa pampasi. Nepi zangu 24 na vichupi 4 vilikuwa sawa na bei ya pampasi 400. Maji na sabuni ya siku moja vilikuwa sawa na pampasi 2. Mchana natumia kitambaa mara 6, usiku namvalisha pampasi moja. Kwa hiyo kila siku naepuka kununua 6, nalipia 2, nabaki na 4. Gawanya 400 kwa 4, unapata siku 100. Zaidi ya miezi mitatu kabla sijaona faida yoyote! Nani anakwambia hilo? Kila mtu anakwambia kitambaa ni bure.

Lakini mtoto wa pili alipokuja, nepi 19 kati ya zile 24 zilikuwa bado nzima, na za huyu sikulipia pampasi 400 tena. Nilizipanga kitandani nikazitazama kama mtu aliyemaliza deni. Wifi alikuja tena. Hakunusa kitu, na sikumkumbusha.

Sasa wewe uliyeniandikia, na wengine mnaojiona hamwezi: fanyeni hesabu hiyo kabla ya kukopa. Kama mnanunua maji kwa ndoo, na ndoo tatu pamoja na sabuni zinafika bei ya pampasi 5 au 6, msifue. Kitambaa hakitawaokoa, kitawachosha tu, na mwisho mtaanza kubana suuza. Nawaambia kwa sababu nimeiona hiyo njia mpaka mwisho wake. Na asikudanganye mtu kwamba mama mzuri ni wa kitambaa au mama mzuri ni wa pampasi. Pampasi ya usiku sikuiacha kamwe. Mtoto analala, mimi nalala, na ile moja kwa siku niliilipia bila kinyongo. Ukibana, bana penye maana, usibane suuza wala usibane usingizi.

Wekundu nao uutazame vizuri. Wa mkojo unakaa pale kitambaa kinapogusa, na mikunjo ya mapaja inabaki salama. Ukiingia mpaka ndani ya mikunjo, ukawa mwekundu sana na vijidoa vidogo vimetawanyika pembeni, hiyo huwa fangasi, na kusuuza hakuiponyi. Mpeleke akaonwe kliniki.

Nilimjibu yule msomaji afanye lile jaribio la beseni kabla ya kutupa chochote. Jana jioni akaandika: "Dada, nimesuuza mara tano ndipo povu limeisha. Zote 20 ziko kambani." Nikamuuliza alikuwa anatia sabuni kiasi gani. Akajibu, "Kikombe."