Kipindi kimoja cha hedhi: kalenda na pedi

*"Walimu wenzangu, nimepewa kipindi kimoja cha dakika 40 na wasichana wa darasa la tano na la sita, kuhusu kubalehe na hedhi. Nifundishe nini bila kuwaaibisha?"*

Mwalimu, mchoro wa via vya uzazi upe dakika tano tu. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa, na mimba isipotungwa hubomoka na kutoka pamoja na damu. Kwa hiyo hiyo si damu chafu. Liseme hilo wazi. Wengi huanza kati ya miaka 10 na 15, kwa kawaida miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza kuota.

Kisha kalenda, ndipo wengi tunapokosea. Ukifundisha kwamba mzunguko ni siku 28, nusu ya darasa watarudi nyumbani wakidhani ni wagonjwa. Miaka ya mwanzo, siku 21 hadi 45 ni kawaida. Chora ubaoni: msichana ameanza kutoka damu tarehe 3 Machi, ikakatika tarehe 7, akaanza tena tarehe 8 Aprili, halafu tarehe 5 Mei. Waache wahesabu wenyewe: 36, kisha 27. Yote sawa. Atakayepata 32 amehesabu tangu damu ilipokatika. Mwelekeze kwamba siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1. Mfano huohuo unaonyesha kwa nini usiwafundishe "siku salama": mzunguko ukirukaruka hivyo, hakuna anayeweza kuzitabiri.

Kwa pedi, njoo na chupi mpya na maji yenye rangi. Mimina vijiko vikubwa vitatu, kidogo kidogo. Hicho ndicho kiasi cha kawaida cha damu ya hedhi nzima, na watashangaa, maana kwa macho huonekana nyingi. Onyesha kwamba upande wa gundi unakaa kwenye chupi (usicheke, wapo wanaougeuza). Ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, hata ikiwa na damu kidogo. Ya kitambaa ioshwe kwanza kwa maji baridi, kwani ya moto hugandisha doa, kisha sabuni, ianikwe juani hadi ikauke kabisa. Wanaoificha chini ya godoro ikiwa mbichi hupata muwasho.

Kuhusu aibu: usiulize nani ameshaanza. Sema "msichana anapoanza", si "ukianza wewe". Gawa vikaratasi, kila mmoja aandike kitu, asiye na swali aandike "sina swali", ili kalamu zote zisogee na mwenye swali asijulikane.

Waambie pia lini waseme kwa mtu mzima wanayemwamini: pedi ikilowa kabisa kila saa moja au mbili, damu ikizidi siku saba, maumivu yakimzuia kuhudhuria masomo, au hedhi ikikatika zaidi ya siku 90. Asiyeanza kabisa hadi miaka 15 naye apelekwe kituo cha afya.