XAUUSD imevunja rezistansi: volyumu kubwa kuliko ipi?

"Wakuu, nipo Igoma, Mwanza. Natredi XAUUSD kwenye MT5, chati ya M15. Kila nikiona rezistansi imevunjwa na volyumu imepanda naingia, halafu bei inarudi chini na stopu yangu inaliwa. Naambiwa nisubiri ritesti, ila hata ritesti nyingine zinanila. Mvunjo wa kweli mnautambuaje?"

Mkuu, mimi nipo Kirumba, na dhahabu ndiyo naitredi muda wangu mwingi, kwa hiyo nitakujibu kwa XAUUSD tu. Unasema volyumu imepanda. Imepanda kuliko ipi? Hapo ndipo naona shida ilipo.

Kwanza tuondoe kitu kidogo kinachowapoteza wengi. Ile indiketa ya `Volumes` ikionyesha nguzo ya kijani, haimaanishi wanunuzi wameingia. Nguzo inakuwa ya kijani pale tu volyumu yake inapozidi ya mshumaa uliotangulia, na nyekundu ikiwa imepungua. Mshumaa wa kushuka kwa kishindo nao unapata kijani. Na namba yenyewe si kiasi cha dhahabu kilichouzwa. Ni tiki, yaani bei imebadilika mara ngapi kwa broka wako ndani ya dakika 15. Inafaa kwa kazi yetu, maana soko likichangamka bei hubadilika mara nyingi zaidi. Ila namba za broka wako zilinganishe na za broka huyohuyo, usichukue za jirani.

Sasa suala lenyewe. Volyumu ya dhahabu ina ratiba ya siku. Usiku wetu wa manane mpaka asubuhi wanaofanya kazi ni Asia, na mara nyingi nguzo ni fupi. London ikifungua, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi Ulaya ikiwa kwenye majira ya joto na saa tano ikiwa baridi, nguzo zinarefuka hata kama hakuna jipya lolote. Alasiri Marekani ikiamka zinarefuka tena. Rezistansi uliyoichora kwa mishumaa ya usiku ikivunjwa saa nne asubuhi, volyumu itaonekana kubwa tu, mvunjo uwe wa kweli au feki. Ni sawa na kwenda Mwaloni asubuhi mitumbwi ikiwa imefika, ukashangaa watu ni wengi kuliko jioni. Ungeuliza kama ni wengi kuliko asubuhi ya jana na ya juzi.

Kwa hiyo mimi nalinganisha mshumaa wa kuvunja na mshumaa wa muda uleule kwenye siku tano za soko zilizopita. Fungua `Data Window` (kwenye kompyuta ni Ctrl+D), peleka mshale kwenye mshumaa, soma volyumu, rudi siku moja nyuma, soma ya muda uleule, mpaka zitimie tano. Jumlisha, gawa kwa tano. Kisha gawa volyumu ya mshumaa wa leo kwa wastani huo. Ikizidi 1.5 nachukulia kuna watu wa kweli nyuma ya bei. Ikicheza karibu na 1, hiyo ni volyumu ya kawaida ya saa hiyo na haijaniambia chochote. Hiyo 1.5 ni kipimo changu, si sheria ya soko. Wewe unaweza kuona 1.4 inakufaa kwa broka wako.

Nikupe mfano wa siku moja, namba nimezirahisisha ili ufuatilie. Usiku kucha bei ilizunguka kati ya 2,638 na 2,650. Ilikuwa majira ya joto Ulaya. Mshumaa wa saa nne na robo asubuhi ukafunga 2,651.8, juu ya mstari. Volyumu yake ilikuwa 3,100, wakati mishumaa ya usiku ilikuwa inazunguka 1,200. Ukitazama kwa macho ni zaidi ya mara mbili na nusu, na najua kuna watu walibonyeza kununua hapohapo. Lakini saa nne na robo za siku tano zilizopita zilikuwa 3,400, 2,900, 3,600, 3,000 na 3,300. Wastani ni 3,240. Gawa 3,100 kwa 3,240 unapata 0.96, yaani hata kawaida ya saa hiyo haijafika. Mshumaa uliofuata ukapanda mpaka 2,653, ukaacha utambi mrefu juu na kufunga 2,649. Wa tatu ukashuka mpaka 2,645 kwa volyumu ya 4,100. Tazama hiyo ya mwisho: bei ilipotoka nje volyumu ilikuwa ya kawaida, iliporudi ndani ikaongezeka. Nikiona hivyo mvunjo huo naufuta kabisa, sisubiri ritesti wala nini.

Jioni ileile bei ikarudi kwenye 2,650. Siku hiyo hakukuwa na habari kubwa ya Marekani, nalisema hilo makusudi. Mshumaa wa saa kumi na dakika 45, robo saa baada ya soko la hisa la New York kufungua, ulianzia 2,649.5, ukafika 2,656 na kufunga 2,655.2. Umefunga karibu kabisa na kilele chake, na hilo nalitazama sawa na volyumu, kwa sababu volyumu kubwa yenye utambi mrefu juu maana yake wauzaji walikuwepo na wakapokea kila kilichonunuliwa. Volyumu ilikuwa 7,900. Wastani wa siku tano kwa muda huo ulikuwa 4,900, kwa hiyo tupo 1.6.

Hapo bado sikuingia. Mshumaa uliofuata ukafika 2,657, kisha bei ikaanza kurudi taratibu, na ritesti ya kweli unaanza kuitambua njiani kabla haijagusa mstari. Mishumaa mitatu ya kushuka ilikuwa na volyumu 4,000, 3,300 na 2,700. Inapungua kila hatua, na yote ipo chini ya kawaida ya saa hizo. Waliokuwa wanauza ni waliochukua faida yao wakaondoka. Hakuna jeshi jipya la wauzaji. Mshumaa wa nne ukatoboa mstari kidogo, utambi ukafika 2,649.4, ukafunga 2,651.9 kwa volyumu ya 2,900. Usiogope utambi kupita chini ya mstari. Mstari wa rezistansi ni eneo, si waya, na ninachoangalia ni mshumaa umefunga upande gani.

Ritesti zinazokula watu, na nadhani hizo zako zimo humu, ni zile ambazo bei inarudi kwenye mstari kwa mishumaa mirefu na volyumu inayozidi kawaida ya saa. Mtu anaona imegusa, anasema "ritesti hiyo," ananunua. Wakati huo wauzaji wapo kazini. Bei kugusa mstari peke yake haitoshi. Iguse ikiwa imechoka. Mshumaa wa M15 ukifunga chini ya mstari huku volyumu iko juu ya wastani, kwangu biashara imekwisha hata kama dakika 30 baadaye bei itarudi juu.

Kuhusu pa kuingilia kuna kupata na kukosa. Nikinunua pale mshumaa wa kugusa ulipofunga, 2,651.9, na stopu 2,647.4 chini ya utambi kwa nafasi ya kutosha, nahatarisha dola 4.5 za bei. Lengo naliweka kwa urefu wa lile eneo la usiku, dola 12, nikiujumlisha na 2,650 napata 2,662. Faida inayotarajiwa ni 10.1, zaidi ya mara mbili ya hatari. Ukisubiri mshumaa mwingine uthibitishe, nao ulifunga 2,654, hatari inakuwa 6.6 na faida 8. Umepata uhakika zaidi lakini umeulipia. Mimi volyumu ya kurudi ikiwa imekauka kama hivi naingia mapema. Ikiwa ya katikati nasubiri uthibitisho, na hesabu ikikataa naachana nayo. Kwa mabroka wengi loti 0.01 ya XAUUSD ni aunsi moja, kwa hiyo hiyo 4.5 ni dola nne na nusu mfukoni, bila spredi. Pima kwa akaunti yako.

Spredi nayo ina feki zake. Chati ya MT5 kwa kawaida inachora bei ya Bid, lakini wewe unanunua kwa Ask. Karibu na saa sita usiku kwetu (saa saba Marekani ikiwa kwenye baridi) siku ya New York inafungwa na spredi hupanuka. Ukiwa umeweka `Buy Stop` juu ya rezistansi inaweza kuamka wakati chati haionyeshi bei kufika pale. Huo hata si mvunjo. Ndiyo maana oda za kusubiri siachi usiku, sembuse umeme ukikatika na modemu ikazima.

Habari kubwa nazo zinaharibu kipimo. Takwimu za ajira au mfumuko wa bei za Marekani hutoka saa tisa na nusu alasiri kwetu majira yao ya joto, saa kumi na nusu majira ya baridi. Mshumaa huo utakupa 3 au 4 na usimaanishe kitu, na siku hiyo ukiiweka ndani ya wastani wako itaukuza wastani mzima wa wiki. Iruke, chukua siku ya nyuma yake.

Jingine ni saa zao kubadilika. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwisho wa mwaka Ulaya hurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi. Muda kwenye chati nao ni wa seva ya broka, na mabroka wengi huifuata New York, kwa hiyo kwa mishumaa ya jioni linganisha kwa muda wa seva na utakuwa salama. Kwa mvunjo wa asubuhi ya London, kwenye hizo wiki za katikati hakikisha siku zako tano zote zina London iliyofungua muda uleule wa seva, la sivyo unalinganisha kabla ya kufungua na baada ya kufungua.

Na mivunjo mingine yenye nguvu hairudi kabisa. Inapita 1.8, 2, na haigeuki kutazama mstari. Hizo siziwindi. Bei ikishakaribia lengo bila ritesti nafuta mstari, maana nikiifukuza huko ilikofika, nafasi iliyobaki mpaka lengo haitoshi kulipia stopu.